Mtani Hayumo Kwenye Orodha

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Zinapanda haraka na kushuka haraka, na wanaofanya kazi nami wameshazoea kunisogezea kikombe cha chai kabla ya kuniletea habari mbaya. Kwa hiyo asubuhi ile dada wa kaunta alipoingia ofisini na chai, na siku hiyo hata sambusa ikiwemo, nilijua kuna jambo.

Duka letu liko mjini Tabora, karibu na soko. Tunauza kwa jumla mbegu, mbolea, dawa za mifugo, saruji na mabati, na wateja wetu wanatoka kote ambako reli na barabara zinafika. Bosi ni mzee wa Kihindi, Mwislamu, ambaye babu zake walifungua duka hapa wakati mizigo ilikuwa bado inabebwa vichwani kwenda pwani. Anaamkia kwa Kinyamwezi vizuri kuliko mimi, na anajua bei ya kila kitu isipokuwa vifaa vya kompyuta. Mimi ndiye mhasibu wake.

Bosi ana desturi yake. Kila mvua zinapokwisha, mteja aliyenunua kuliko wote msimu huo anapewa zawadi, na si khanga wala kalenda. Mwaka ule zawadi ilikuwa mashine ya kupukuchua mahindi, mpya, yenye injini, imewekwa mbele ya duka ikiwa bado na plastiki yake. Zamani Bosi alikuwa anamchagua mshindi kichwani mwake tu. Mwaka uliotangulia mteja mmoja wa Ulyankulu akalalamika mbele za watu kwamba zawadi inakwenda kwa anayechekewa. Bosi aliumia sana. Akanunua programu mpya ya uhasibu na kutangaza kwamba sasa kompyuta ndiyo itakayosema.

"Ankara zote za msimu ziingie humo," akaniambia. "Halafu itoe ripoti, mteja kwa mteja. Jumamosi nasoma jina. Mtu asiniambie tena napendelea."

"Sawa, Bosi," nikasema, nikiwa sijui ninachokubali.

Sasa dada wa kaunta alisimama mbele ya meza yangu akipangusa mikono kwenye khanga.

"Mhasibu, usikasirike."

"Nikasirike kwa nini? Sema."

"Mtani wangu wa Usinge, yule mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Nilimwambia kwenye simu kwamba wanaongoza. Wamejenga banda la mashine."

"Wamejenga nini?"

"Banda. Limeezekwa tayari."

Nilikula sambusa yote kabla ya kumjibu, na bado jibu halikuwa zuri. Namfahamu yule mwenyekiti. Ni Mgogo aliyeolewa Usinge, mama mrefu anayekuja kwa treni na kununua kwa niaba ya kikundi kizima. Kwao mahindi yanapigwa kwa fimbo ndani ya magunia, na akina mama wengi pale si vijana tena. Aliwahi kunionyesha viganja vyake. Na sasa banda limeezekwa kwa maneno ya mtu ambaye hajapiga hesabu yoyote.

"Omba Mungu wawe wanaongoza kweli," nikamwambia.

Dada wa kaunta ndiye aliyekuwa akiandika ankara. Mteja akinunua, anamwandikia kwenye kitabu chenye nakala, mteja anatia sahihi, anaondoka na karatasi yake. Baadaye dada anaingiza mauzo kwenye jedwali la kompyuta ya kaunta, safu kwa safu: tarehe, namba, jina, bidhaa, idadi, bei, jumla. Kitabu kilikuwa cha wateja na cha serikali. Jedwali lilikuwa lake, na hakuna aliyewahi kulisoma isipokuwa yeye.

Nikalichukua jedwali hilo nikalipakia kwenye programu. Ikafungua ukurasa wenye pande mbili: huku vichwa vya safu zetu, kule nafasi zake yenyewe, na kazi yangu kuilinganisha kila safu na nafasi yake. Inasemekana programu hiyo inakisia yenyewe. Ya kwetu haikukisia kitu, kwa sababu vichwa vyetu ni vya Kiswahili na yenyewe imesoma shule nyingine. Nikaanza kuchagua moja moja. Tarehe kwenda tarehe ya ankara. Namba kwenda namba ya ankara. Jina kwenda mteja. Mkono ukateleza, safu ya jumla nikaipeleka kwenye bei ya kimoja, na ukurasa wa kuhakiki ukanionyesha mzee mmoja wa kijijini amenunua majembe ya thamani ya lori, kwa kuwa programu ilikuwa inachukua ile jumla na kuizidisha tena kwa idadi. Nikacheka peke yangu. Nikarekebisha: bei kwenye bei, na safu ya jumla nikaiacha bila kuilinganisha na chochote, maana programu inajumlisha yenyewe.

Tarehe nazo zikanichezea. Programu ilidhani mwezi unatangulia siku. Mauzo ya tarehe kumi Februari yakawa ya Oktoba, mwezi ambao ulikuwa haujafika, na ya tarehe ishirini na tano yakaonyeshwa kwa wino mwekundu, kwa sababu hakuna mwezi wa ishirini na tano. Hii nyekundu ndiyo rafiki yako. Ile iliyopita kimya kimya ikiwa imegeuzwa ndiyo mbaya, hakuna wa kukushtua. Nikatafuta mahali pa kuchagua mpangilio wa tarehe, nikaweka siku mbele. Nyekundu zikapungua.

Nikabonyeza kitufe cha kuingiza.

Mistari mingi ilikubaliwa. Iliyokataliwa ilirudishwa kwenye faili lake, na mwishoni mwa kila mstari sababu. Niliisoma sababu ile ile hadi nikaichukia: mteja hayumo kwenye orodha. Nilikuwa nimeiandalia programu orodha safi ya wateja wetu, na nikaizuia isiongeze mteja yeyote yenyewe. Sasa ilikuwa inanitii kwa ukaidi.

Nikatazama ni nani hao wasiokuwemo. Kundi la kwanza halikuwa na majina kabisa. Lilikuwa na alama za kama-hapo-juu, vile vijistari viwili tulivyofundishwa shule ya msingi. Mteja akinunua vitu vitano, dada anaandika tarehe, namba na jina kwenye mstari wa kwanza, halafu minne inayofuata anaweka vijistari. Binadamu anaelewa. Programu iliona mteja anayeitwa Vijistari, aliyenunua nusu ya duka.

Kundi la pili lilinifanya niinuke kwenye kiti.

"Njoo hapa!" nikaita. "Mtani Mbishi ndiye nani?"

Dada akaja mbio, akasoma kioo cha kompyuta, akaweka kiganja mdomoni.

"Mgogo Wangu? Mnuno wa Reli? Mwizi wa Kuku? Hii ni rejista ya mauzo au ngoma ya harusi?"

"Mhasibu, ni watani zangu. Mimi Mnyamwezi. Siwezi kumwandika Mgogo jina lake hivi hivi kama mgonjwa kwenye kadi ya hospitali. Na kwenye kitabu nimeandika vizuri, nenda kaangalie."

"Kompyuta haina utani!"

"Ndiyo maana inanuna," akasema, na hapo, kwa aibu yangu, nikacheka.

Akaniambia Mtani Mbishi na Mgogo Wangu wote ni yule yule wa Usinge, hao hana shaka nao. Wengine alisema ana watani wengi, Wagogo na Wazaramo, na msimu ni mrefu. Nikabadilisha hayo mawili kuwa jina la kikundi kama lilivyo kwenye orodha. Kwa vijistari nikaiambia kompyuta kila penye alama ijaze kilichoandikwa juu yake. Nikapakia faili lile la waliokataliwa, nikafungua ripoti.

Akina mama wa Usinge walikuwa wa kwanza. Tena kwa mbali. Mfanyabiashara wa Puge, mteja wetu mkubwa wa miaka yote, alikuwa chini yao kabisa.

Dada wa kaunta alipiga kigelegele ambacho kiliwatoa wapakiaji mizigo kule nyuma. Akaanza kucheza akiizunguka ile mashine mbele ya duka, akiipigapiga plastiki yake. Mimi pia nilifurahi, sitaficha. Nilikuwa nataka banda lile lipate kitu cha kukaa ndani yake.

Ila macho ya mhasibu hayana adabu, yanaendelea kusoma. Nikaona kikundi cha akina mama kimenunua saruji, mifuko kwa mifuko. Kikanunua nondo. Kikanunua misumari ya kutosha kuezeka kituo cha treni. Banda lao, kama dada alivyonieleza, ni la miti na mabati machache, na mabati yenyewe walikopa kwa shemeji.

Ikanichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilijipiga paji la uso. Mfanyabiashara wa Puge ameandikwa kwa jina lake kamili, kwa hiyo mstari wake wa kwanza ulikubaliwa ukaingia ndani. Vijistari vyake ndivyo vilivyokataliwa. Kwenye faili la waliokataliwa, kile kilichokuwa juu yao hakikuwepo tena. Juu yao sasa alikuwepo Mtani Mbishi. Nami nikaamuru kila kijistari kimfuate aliye juu yake, na saruji yote ya Puge ikahamia Usinge.

Nilikaa nikiitazama ile ripoti. Nje dada alikuwa bado anacheza. Hakuna mtu mwingine ambaye angeliona hilo. Bosi angesoma jina, watu wangepiga makofi. Lakini yule wa Puge ananunua kwetu tangu sijaajiriwa, na saruji ni yake. Nikatoka nikamwambia dada aache kucheza.

Hakubisha. Alikaa juu ya mfuko wa mbolea akaniuliza kwa sauti ndogo, "Sasa nitamwambiaje?"

"Usimwambie chochote. Umeshasema ya kutosha."

Nikatengua kila nilichokuwa nimeingiza, hata mistari ya kwanza iliyokubaliwa, kwa sababu ankara ikishaingia na mstari mmoja programu haikubali uiongezee mingine kwa kupakia namba ile ile tena. Nikarudi kwenye jedwali la mwanzo, ambalo nashukuru nilikuwa nimelihifadhi bila kuligusa, na ambamo kila kijistari bado kilikuwa chini ya mwenyewe. Nikajaza huko kwanza. Nikabadilisha wale watani wawili wanaojulikana. Nikapakia upya, na ule ulinganishaji wa safu programu ilikuwa imeukumbuka, sikuuanza tena.

Safari hii vijistari viliisha vyote. Zilibaki ankara chache tu zilizokataliwa, zote za watani wasiojulikana. Na kwenye ripoti, Puge alikuwa wa kwanza. Usinge walifuata, wako nyuma kwa kiasi kinachouma.

Nilimweleza Bosi yote, na Ijumaa asubuhi akaja na kiti chake ofisini.

"Hizo zilizobaki tunazimaliza leo," akasema. "Moja moja. Unasoma jina, tunafungua kitabu, tunaona sahihi ya nani. Kitabu ndicho kitakachosema."

Nilikuwa nimepanga vitabu vya nakala mezani wakati mlango ulipofunguliwa na mwenyekiti akaingia, mkoba begani, vumbi la treni kwenye viatu. Alikuwa amekuja kuulizia mashine itasafirishwa vipi. Alitaka kujua kama itapandishwa behewa la mizigo au la abiria.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mmenuna wote?"

Bosi akamweleza. Alimweleza bila kuzunguka, kwamba wa Puge yuko mbele, na kwamba zimebaki ankara ambazo hazijulikani ni za nani kwa sababu kaunta iliandika matusi badala ya majina. Mwenyekiti alimgeukia taratibu dada wa kaunta, aliyekuwa amemfuata ndani.

"Matusi gani?"

Bosi akaniashiria nisome.

"Mnuno wa Reli," nikasoma.

"Ni mimi huyo," mwenyekiti akasema papo hapo.

Nikafungua kitabu kwenye namba ile. Jina la kikundi, sahihi yake. Nikaandika jina sahihi kwenye mstari.

"Mwizi wa Kuku."

"Mimi."

Kitabu kikakubali. Bosi akaanza kutikisika mabega.

"Miguu ya Twiga."

"Ni mimi, nani mwingine? Endelea, mwanangu, usione haya."

"Mchoyo wa Karanga."

"Mimi tena! Nilimnyima karanga kituoni, na nitamnyima hata kesho. Andika!"

Kila tusi lilikuwa linamsogeza karibu na mashine, naye alikuwa akilipokea kama mtu anayepokea noti mkononi. Wapakiaji mizigo walikuwa wamejazana mlangoni. Jina moja tu lilikuwa la Mzaramo fulani fundi bomba, naye mwenyekiti alimkana mapema akisema yeye hajawahi kuitwa kibogoyo, meno yake yote anayo, akatuonyesha. Bosi alikuwa anafuta machozi kwa leso. Sijawahi kufurahia mistari iliyokataliwa namna ile, kabla wala baadaye.

Nilikuwa napiga hesabu pembeni. Alikuwa amemkaribia yule wa Puge, lakini bado. Ilibaki ankara moja. Ilikuwa kubwa, ya mwanzo wa mvua: mbegu, mbolea ya kupandia, dawa za kupulizia.

"Mrembo Wangu," nikasoma.

Nikaweka vidole kwenye kibodi, nikisubiri aseme ni yeye.

"Mama?"

Mwenyekiti akatikisa kichwa. "Huyo si mimi."

"Una hakika?" Bosi akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka ajibiwe vingine.

"Bwana, nimejuana na huyu mwanamke miaka yote. Hajawahi kuniita mrembo hata kwa bahati mbaya. Ana mtani mwingine huko, mdogo mdogo. Hiyo si yangu, siwezi kuichukua." Akashusha mkoba wake begani akauweka magotini. "Basi. Banda tutafugia mbuzi."

Nilikiona alichofanya. Alikuwa anajua hesabu kama mimi. Nikanyoosha mkono kufungua kitabu, maana utaratibu ni utaratibu, na dada wa kaunta akaushika.

"Usifungue," akasema. Halafu akauachia. "Au fungua. Haidhuru."

Nikafungua. Jina la kikundi cha Usinge, kwa mwandiko wa dada, safi. Chini yake sahihi ya mwenyekiti, lakini imeandikwa kwa mkono unaotetemeka, imeshuka hadi nje ya mstari.

Mwenyekiti aliinama akaitazama sahihi yake mwenyewe kwa muda.

"Siku ile," akasema.

"Ulikuwa unakwenda kupasuliwa hospitali ya mkoa," dada akasema. Alikuwa anaongea na meza. "Ulikuwa umekonda, huwezi hata kusimama kaunta, nikakuletea kiti. Ukasema kikundi kisikose mbegu kwa sababu yako. Ukaondoka. Nikakaa kuandika kwenye kompyuta, nikataka kuandika Miguu ya Twiga, mkono ukakataa. Nikasema, kama huyu harudi, jina la mwisho nililomwandika lisiwe tusi."

Bosi aliondoa miwani. Wapakiaji pale mlangoni walikuwa wakitazama viatu vyao. Mimi nililia, na sioni sababu ya kusema vingine, nililia huku nikibonyeza herufi za jina la kikundi kwenye mstari ule wa mwisho. Nikahifadhi faili. Nikapakia. Programu ikafikiri kidogo, ikasema mistari yote imekubaliwa.

Nikafungua ripoti nikaigeuzia kwao. Usinge walikuwa juu, Puge chini yao.

Mwenyekiti hakuitazama ripoti. Alikuwa amemkamata dada wa kaunta bega, amemvuta karibu, na wote wawili walikuwa wakipangusana nyuso kwa khanga moja.

"Sasa lifute hilo jina lako la Mrembo kwenye kompyuta yako," akamwambia. "Andika Mwizi wa Kuku. Si unaona nimerudi?"